Hobbes, Locke na Rousseau: nani anaruhusu kuasi, na anayeasi ni nani? Naomba msaada wa insha

Kijana_wa_Changanyikeni

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari zenu.

Nipo mwaka wa pili, nasoma sayansi ya siasa. Tumepewa insha ya maneno 3000: "Linganisha nadharia za mkataba wa kijamii na ueleze kila moja inasema nini kuhusu utii na uasi." Nilipeleka mpango wangu: kurasa tatu za Hobbes, tatu za Locke, tatu za Rousseau, halafu hitimisho. Mhadhiri ameurudisha na wino mwekundu: "Hizi ni wasifu tatu. Ulinganisho uko wapi?"

Ninavyoelewa mimi, Hobbes anasema tii siku zote maana bila mtawala ni vurugu, Locke anasema mtawala akiwa mbaya mnaweza kumtoa, na Rousseau anasema wananchi ndio wenye mamlaka. Sasa nikishasema hivyo sioni cha kuongeza. Mnisaidie namna ya kuipanga. Sitaki mtu aniandikie, nataka kuelewa.

Chui_wa_Ilala

Dogo mbona hiyo nyepesi. Iweke kwenye mstari mmoja. Hobbes alikuwa mtu wa mfalme, akakataza uasi. Locke aliandika kuyatetea mapinduzi ya Waingereza ya 1688, akaruhusu. Rousseau akachochea kabisa, yakatokea ya Ufaransa 1789. Unaona uhuru unavyopanda ngazi? Kila aliyekuja aliongeza haki ya kuasi kuliko aliyemtangulia. Hiyo ndiyo hoja yako, andika.

MamaWawili

Samahani, huu mkataba wa kijamii ndio ule wa hali bora kazini, kati ya chama cha wafanyakazi na mwajiri? Maana sisi kazini wetu umeisha muda na mwajiri hataki kukaa mezani. Nilitaka kujua kama tunaruhusiwa kugoma.

Wakili_Mtarajiwa

@MamaWawili hapana dada, huo ni mwingine. Wako una karatasi, sahihi na tarehe ya mwisho, na kugoma kwenu kuna utaratibu wake katika sheria za kazi. Anzeni na chama chenu, mpeleke mgogoro kwenye usuluhishi kabla ya kuweka zana chini, msije mkapoteza haki. Huu wa akina Hobbes hakuna aliyeuona. Ni njia ya kuuliza: kama watu huru wangekaa wakubaliane kuwa na serikali, wangekubaliana nini, na wangebaki na nini mkononi?

@Chui_wa_Ilala nakuheshimu mkuu, lakini usimpoteze kijana. Locke hakuandika kwa ajili ya 1688. Kitabu chake cha pili kuhusu serikali kilichapishwa 1689, na dibaji inamtaja kweli Mfalme William, aliyeingia baada ya mapinduzi hayo. Lakini tangu Peter Laslett alipolichunguza jambo hili mwaka 1960, wataalamu wengi wanakubali kwamba sehemu kubwa iliandikwa kati ya 1679 na 1683, James, mfalme aliyeondolewa 1688, akiwa bado hajapanda kwenye kiti. Wakati huo kundi la Locke lilikuwa linapambana kumzuia asirithi. Ukisema aliandika kutetea jambo lililokwisha kutokea, unamgeuza mtetezi wa ushindi. Aliandika kama mtu aliyekuwa anaweza kunyongwa kwa karatasi zile. Algernon Sidney, mpinzani mwingine wa mfalme, alikatwa kichwa Desemba 1683, na maandishi yake ambayo hayajachapishwa yalitumiwa mahakamani kama ushahidi dhidi yake. Mwaka huohuo Locke alikimbilia Uholanzi.

Na Hobbes "mtu wa mfalme"? Alipotoa kitabu chake Leviathan mwaka 1651, watu wa Charles wa Pili waliokuwa uhamishoni Paris walimfungia mlango wa baraza la mfalme. Jiulize kwa nini.

Chui_wa_Ilala

Tarehe nimekuelewa, nakubali. Ila Hobbes bado anakataza uasi, hilo hulipindui.

Mwl_Mstaafu_Tanga

Mwanangu wa Changanyikeni, marahaba. Nimefundisha mada hii miaka mingi na kosa lako ndilo la wengi. Ukipanga kwa majina utasimulia tu, hata ukitaka kulinganisha. Panga kwa swali. Na swali lenyewe lisiwe "nani anaruhusu uasi", kwa sababu hilo lina majibu matatu mafupi na insha inakufia ukurasa wa kwanza.

Uliza hivi: katika mkataba wa kila mmoja wao, nani amefunga na nani? Ukishajua waliofunga, utajua nani anaweza kuuvunja, na suala la utii utaliona linajitokeza lenyewe.

Kwa Hobbes, waliofunga mkataba ni watu wenyewe kwa wenyewe, kila mmoja na kila mwenzake. Wameahidiana kwamba wote watamwachia mtu mmoja, au baraza moja, haki ya kuwaamulia. Huyo aliyeachiwa hakuahidi kitu. Hayumo kwenye mkataba. Kwa hiyo raia akisimama na kusema "mfalme umevunja makubaliano", Hobbes atamuuliza: makubaliano yapi, na uliyafunga naye lini? Angalia kwamba hamtetei mfalme kwa wema wake wala kwa kuteuliwa na Mungu. Anamtoa tu kwenye orodha ya wanaoweza kushitakiwa.

Kwa Locke kuna hatua mbili. Kwanza watu wanaungana kuwa jamii moja. Halafu jamii hiyo, kwa uamuzi wa walio wengi, inaweka serikali na kuikabidhi madaraka kama amana. Aliyekabidhiwa amana anaishika kwa faida ya mwingine, na akiitumia kinyume inarudi kwa mwenyewe. Kwa kuwa hatua ni mbili, serikali inaweza kuvunjika na jamii ikabaki imesimama. Hapo ndipo Locke anapopata utulivu wake. Hobbes hana hatua ya kati: mamlaka ikianguka, umma nao unatoweka, wanabaki watu mmojammoja wanaoogopana.

Rousseau ndiye anayesomwa vibaya kuliko wote. Kwake mkataba ni mmoja tu, ule unaoufanya umma uwe umma. Serikali haikuundwa kwa mkataba hata kidogo. Amelisema waziwazi katika Mkataba wa Kijamii, kitabu cha tatu, sura ya 16. Wanaotawala wametumwa na umma, na umma unaweza kuwabadili unapotaka. Kwa maana hiyo, umma ukikutana na kumwondoa mtawala, mbele ya Rousseau hakuna uasi wowote uliotokea.

Kwa hiyo huyo wa kwanza anasema mtawala hawezi kuvunja mkataba kwa sababu hakuufunga. Na huyo wa tatu naye anasema mtawala hakufunga mkataba! Wanaanzia palepale, na wanafika pande mbili zilizo mbali kabisa. Hapo ndipo ulinganisho wako uanzie. Ule mstari wa ngazi alioutaja Chui hauwezi kukuonyesha jambo hili.

Kijana_wa_Changanyikeni

Mwalimu, hapo kwenye Hobbes na Rousseau kuanzia sehemu moja sikuwahi kuliona. Lakini nimekwama: kama wote wawili wanasema mtawala hayumo, tofauti inaingilia wapi?

Mwl_Mstaafu_Tanga

Inaingilia kwenye kile walichoachia. Kwa Hobbes watu wameachia mamlaka kuu yenyewe ikakaa kwa mtu mwingine. Kwa Rousseau mamlaka kuu haitoki mikononi mwa umma kamwe, haiwezi hata kuwakilishwa. Ndiyo maana anasema Mwingereza anajiona huru na anajidanganya, kwamba yuko huru siku za kuchagua wabunge tu, na wakishachaguliwa yeye si kitu. Kinachokabidhiwa kwa Rousseau ni utekelezaji peke yake.

Fundi_Mbagala

Wasomi naomba niulize la kwetu. Mtaani tulichangishwa fedha za kalavati, kila nyumba. Kalavati halijajengwa, risiti hakuna, na sasa tunaambiwa tuchange tena. Mimi nimegoma. Naambiwa nakaidi serikali. Kwa hao wazungu wenu, nina haki au sina? Na isitoshe, mimi sikumbuki kusaini mkataba wowote na mtu.

Wakili_Mtarajiwa

Fundi, swali lako Locke kalijibu karibu kama alikuwepo. Aya ya 207 anatoa mifano miwili. Jambazi anakuvamia njiani na upanga, na mfukoni huna hata peni 12. Huyo unaweza kumuua na usiwe na hatia. Mtu mwingine umempa pauni 100 akushikie wakati unashuka kwenye farasi. Ukipanda tena anakataa kurudisha, anachomoa upanga kuzilinda. Hasara ya huyu wa pili ni kubwa mara nyingi zaidi, lakini huruhusiwi hata kumjeruhi. Tofauti ni kwamba fedha zako unaweza kuzidai mahakamani. Yule wa kwanza akikuua, hakuna mahakama itakayokurudishia uhai.

Kwa hiyo Locke hasemi "umedhulumiwa, basi asi". Anauliza kama njia ya sheria bado iko wazi. Kwako iko. Una mkutano wa mtaa, una ofisi ya kata, una halmashauri, una mahakama. Dai hesabu huko. Kuna watu wanamsoma Locke kana kwamba kila aliyekosewa na ofisa ana tiketi ya mapinduzi, na yeye mwenyewe aliliziba tundu hilo.

Kuhusu kusaini: Locke anasema ukitembea tu kwa uhuru kwenye barabara ya nchi, umeridhia kimya. Wengi tunaona hapo amejikwaa. David Hume mwaka 1748 alimjibu kwamba ni sawa na kumwambia mtu aliyebebwa usingizini akapandishwa melini kwamba ameridhia amri za nahodha kwa kuwa hajajitupa baharini. Sijaona bado mfuasi wa Locke aliyelijibu hilo nikaridhika.

Fundi_Mbagala

Huyo Hume kaongea. Mimi nitahama niende wapi na kiwanja nimeshanunua. Kuhusu halmashauri nimekusikia, ingawa kwenda huko ni siku nzima ya kazi inapotea, na hilo huyo bwana wa farasi hakulihesabu.

Chui_wa_Ilala

Bado nasubiri mtu anioneshe Hobbes anaporuhusu uasi.

Mwl_Mstaafu_Tanga

Chui, sura ya 21 ya Leviathan, ile ya uhuru wa raia. Uisome polepole.

Mtu anaingia kwenye mkataba ili asife. Kwa hiyo, anasema Hobbes, hakuna ahadi inayoweza kumfunga asijilinde anapokuja kuuawa. Mfalme akimhukumu kifo, hata kama hukumu ni ya haki, yule mtu haachi kuwa na uhuru wa kupinga anapofuatwa. Hawezi kulazimika kujiua, kujikata, wala kujishitaki mwenyewe. Raia wa kawaida akiamriwa kwenda vitani anaweza kukataa bila kutenda dhuluma, hasa akitoa askari mwingine wa kutosha badala yake. Mwenye kukimbia vita kwa hofu ametenda jambo la aibu, hakutenda la dhuluma. Aliyejiandikisha jeshini na kupokea fedha hana udhuru huo, na nchi yenyewe ikiwa hatarini kila anayeweza kushika silaha anawajibika.

Halafu anafika mbali zaidi. Tuseme kundi la watu limekwisha kumpinga mtawala kwa dhuluma, na kila mmoja wao anangojea kifo. Wanaweza kushikamana na kujilinda kwa silaha? Hobbes anajibu wanaweza. Kosa lilikuwa kuanza. Kuendelea kujilinda si kosa jipya. Na wakitolewa msamaha, udhuru wao unakwisha hapohapo.

Sasa linganisha na Rousseau, kitabu cha pili, sura ya tano. Anasema mtu huyo huyo, mhalifu, amejifanya mwasi na msaliti wa nchi yake. Na raia wa kawaida, ikiwa maslahi ya dola yanataka afe, inambidi afe, kwa sababu uhai wake sasa ameupokea kwa masharti kutoka kwa dola.

Umeona? Yule anayeitwa mtetezi wa udikteta anamwachia mtu aliyehukumiwa haki ya kupigana na askari magereza. Yule anayeitwa baba wa demokrasia hamwachii. Ngazi yako inakwenda kinyume hapo.

Ndiyo maana, mwanangu, neno "uasi" kwenye swali lako usiliache zima. Ligawe. Kuna mtu mmoja anayekataa, na kuna umma unaomwondoa mtawala. Kwa mtu mmoja, Hobbes yuko mkarimu, Rousseau ni mkali. Kwa umma, Hobbes anafunga mlango na Rousseau anaufungua wazi. Locke yuko pande zote mbili: aya ya 168 inasema umma, au hata mtu mmoja, akinyimwa haki na hana wa kumkatia rufaa duniani, anaweza kukata rufaa kwa Mbingu, yaani kwa silaha. Lakini aya ya 208 anaongeza kwamba mtu mmoja au wachache hawatafika popote wengine wakiwa hawajaguswa.

Chui_wa_Ilala

Hapo nimenyanyua mikono kwa mtu mmoja. Lakini kujilinda kwa mtu mmoja mimi siuiti uasi. Uasi ni wa umma. Kwa hiyo kwa maana yangu bado Hobbes anakataza.

Wakili_Mtarajiwa

Kuna mlango mwingine mkuu, na ndio uliowaudhi watu wa mfalme. Sura hiyohiyo: wajibu wa raia kwa mtawala unadumu kwa muda uleule ambao mtawala ana nguvu ya kuwalinda, na si zaidi. Kumbuka mwaka. Charles wa Kwanza alikatwa kichwa tarehe 30 Januari 1649. Mwanzoni mwa 1650 serikali mpya ikataka kila mwanamume mtu mzima aape utii kwa jamhuri isiyo na mfalme wala Baraza la Malodi. Maelfu walijiuliza: nilishamwapia mfalme, nifanyeje? Leviathan inatoka 1651 na kuwaambia kwamba kama anayewalinda sasa ni huyu, mnaweza kumtii huyu. Hobbes haruhusu kumpindua mtu. Lakini akishapinduliwa, haombolezi naye.

Kijana_wa_Changanyikeni

Naona nahitaji tukio moja ambalo nitawapitisha wote watatu, badala ya kutaja mifano mingi. 1688 ingefaa? Hobbes alishakufa 1679, Rousseau alikuwa hajazaliwa.

Mwl_Mstaafu_Tanga

Inafaa sana, na kwa sababu hiyohiyo: hakuna anayeweza kusema waliandika kuitumikia. Weka kwanza ukweli wa tukio kwa ufupi.

James wa Pili alikuwa Mkatoliki akitawala nchi ya Kiprotestanti. Sheria ya 1673 ilizuia Wakatoliki kushika nyadhifa. Yeye akadai ana uwezo wa kuiweka kando sheria hiyo kwa mtu amtakaye, na majaji wakamkubalia katika kesi ya mwaka 1686. Bunge alilisimamisha Novemba 1685 na halikukutana tena chini yake. Akaanza kupanga upya wapiga kura wa miji ili apate bunge la kumtii. Juni 1688 akawashitaki maaskofu saba kwa sababu walimwandikia kulalamika, mahakama ikawaachia. Novemba William wa Uholanzi akatua na jeshi. Desemba James akakimbia usiku, akautupa mhuri mkuu wa dola katika mto Thames, akakamatwa njiani, akarudishwa London, na kabla ya Krismasi akaondoka tena. Safari hii walinzi hawakumzuia.

Tarehe 28 Januari 1689 Baraza la Makabwela likapitisha azimio. Linasema James alijaribu kuipindua katiba ya nchi kwa kuvunja mkataba wa asili kati ya mfalme na watu, alivunja sheria za msingi, na alijiondoa nchini, kwa hiyo amejiuzulu na kiti kiko wazi.

Msomeshe Locke azimio hilo. Karibu kila kosa utalikuta katika sura yake ya 19: mtawala anayeweka utashi wake mahali pa sheria, anayezuia bunge kukutana, anayechezea uchaguzi, na mwisho anayeitelekeza kazi ya utekelezaji hadi sheria zisiweze kutekelezwa. Mhuri umo mtoni, hakuna hati inayoweza kutoka. Lakini usiseme azimio ni la Locke. Azimio linazungumza mkataba kati ya mfalme na watu. Locke hana mkataba huo, ana amana. Na azimio linasema mfalme amejiuzulu, kiti ni kitupu. Locke angesema serikali yote imevunjika na madaraka yamerudi kwa jamii, ambayo iko huru hata kubadili mfumo mzima. Waheshimiwa wale hawakutaka kufika huko. Malodi waliligombania hata neno la kujiuzulu, na kuhusu kuwepo kwa mkataba wa asili walipiga kura 53 kwa 46. Kwa hiyo wanamapinduzi wenyewe walikuwa waoga kuliko mwandishi anayedaiwa kuwa msemaji wao.

Rousseau angeuliza jambo moja: umma ulikutana? Yeye anataka mikutano ya mara kwa mara ambayo serikali haina uwezo wa kuizuia, na kila mkutano uanze kwa maswali mawili yanayopigiwa kura mbalimbali: je, umma unapenda kuendelea na mfumo huu wa serikali, na je, unapenda kuwaachia kazi hawa walioishika sasa? Umma ukikutana kihalali, madaraka yote ya serikali yanasimama. 1689 hayo hayakuulizwa. Wawakilishi wa wenye mali walimbadilisha mfalme mmoja kwa mwingine. Pia asingesikitika kwa James. Serikali ikiinyang'anya umma mamlaka kuu, mkataba umevunjika, na watu wanalazimishwa kutii tu, hawawajibiki.

Hobbes nakuachia wewe ujaribu.

Kijana_wa_Changanyikeni

Najaribu. Kwa Hobbes mashitaka yote ya azimio hayana maana, kwa sababu mtawala hawezi kumdhulumu raia wala kuvunja mkataba. Walioungana na William mwezi Novemba, James akiwa bado ana jeshi, ni waasi na walitenda dhuluma. Lakini baada ya Desemba James hawezi kumlinda mtu yeyote London, kwa hiyo mtu wa kawaida akimtii William mwezi Januari hana kosa. Yaani tendo ni haramu na matokeo yake ni halali. Ni sawa?

Mwl_Mstaafu_Tanga

Sawa kabisa, na sentensi yako ya mwisho iweke kwenye insha kama ilivyo.

Wakili_Mtarajiwa

Mwalimu, kwa heshima, mimi nasita. Sura ya 21 haimalizii kwenye ulinzi. Kuna sehemu Hobbes anasema mfalme akijivua mamlaka yeye na warithi wake, raia wanarudi kwenye uhuru wa asili. James hakujivua. Mtoto wake mchanga, aliyezaliwa Juni 1688, alitangulizwa Ufaransa na mama yake kabla hajakimbia. Na kuna sehemu nyingine: mfalme akiwa mfungwa wa vita lakini hajaachia haki yake, raia bado wanapaswa kuwatii maofisa aliowaweka yeye. Sasa James hakuwa mfungwa, lakini yuko karibu na huyo kuliko aliyejivua. Machi 1689 alitua Kinsale, Ireland, na sehemu kubwa ya kisiwa kile ilikuwa inamtii hadi aliposhindwa mto Boyne mwaka 1690. Mkulima wa Munster mwaka 1689 amtii nani? Na mfanyabiashara wa London?

Mwl_Mstaafu_Tanga

Mkulima amtii James, mfanyabiashara amtii William. Kila mmoja anamtii anayemlinda. Sioni ugumu.

Wakili_Mtarajiwa

Lakini basi dola moja ina wenye mamlaka kuu wawili, na hilo ndilo Hobbes anasema haliwezekani bila kuwa vita. Kama ni vita, hakuna dola, na kama hakuna dola hakuna wajibu kwa yeyote kati yao. Naona sura ile ina kanuni mbili zinazovutana, ya haki na ya nguvu. Kwa mfalme aliyekufa kama Charles hazigongani. Kwa mfalme aliye hai ng'ambo zinagongana.

Mwl_Mstaafu_Tanga

Hapo umenibana kidogo. Mimi bado naona ulinzi ndio kanuni mama na zile nyingine ni mifano yake, kwa sababu lengo la utii kwa Hobbes ni ulinzi na amelisema kwa maneno yake. Lakini ule mfano wa mfungwa unanisumbua, maana pale ulinzi wa mfalme mwenyewe umekwisha na wajibu anauacha ubaki.

Nakawa_Msomaji

Nawasoma kutoka Kampala. Katiba yetu ya 1995, ibara ya 3, inampa kila raia haki na wajibu wa kuitetea katiba na kumpinga anayetaka kuupindua utaratibu wa kikatiba. Huyo ni Locke, siyo?

Wakili_Mtarajiwa

Nusu. Locke angependa kwamba anayepindua sheria ndiye mwasi, hata akiwa ikulu. Lakini ibara inalinda katiba iliyopo, na kwa Locke jamii inaweza kuamua kuwa na nyingine. Halafu linabaki swali ambalo ibara haiwezi kulijibu: nani atasema kwamba utaratibu umepinduliwa? Locke anajibu kwamba umma ndio hakimu, kwa sababu aliyetoa amana ndiye anayejua kama imetunzwa. Hobbes angecheka, aseme kila kundi litajiita umma, na ndivyo vita vilivyoanza 1642.

Kijana_wa_Changanyikeni

Nimepanga upya. Sehemu ya kwanza: nani amefunga na nani. Ya pili: mtu mmoja anayekataa. Ya tatu: umma unaomwondoa mtawala, hapa ndipo 1688 inaingia. Ya nne: nani anahukumu, na hapa nataka kusema Locke ana jibu dhaifu kuliko anavyodhani, kwa sababu hana chombo cha kuusikiliza umma. Rousseau anacho, ule mkutano wenye maswali mawili, ila anahitaji nchi ndogo. Kinsale nitaiweka kama tatizo la Hobbes ambalo sijalimaliza. Mwalimu, je, nikisema Locke hana chombo nitakuwa nimemwonea?

Mwl_Mstaafu_Tanga

Hujamwonea, ila mpe nafasi ya kujibu. Aya ya 225 inasema watu hawaamki kwa makosa madogo madogo. Wanaamka baada ya mfululizo mrefu wa dhuluma unaoonyesha nia moja. Kwake uvumilivu wa watu ndio kipimo, na anaamini watu ni wazito kuliko watawala wanavyohofia. Ukitaka kumshinda, mshinde hapo: onyesha umma ulioamka kwa dhuluma isiyokuwepo. Mwaka huohuo wa 1688 Waingereza wengi waliamini kwamba yule mtoto wa mfalme si wa malkia, kwamba aliingizwa chumbani ndani ya chombo cha kupashia kitanda moto. Uvumi tu, na ulisaidia kumwangusha baba yake.

Chui_wa_Ilala

Hiyo ya mtoto ndiyo imenifanya nimwonee Hobbes huruma kwa mara ya kwanza. Dogo ukimaliza lete hapa tuisome, hasa hiyo sehemu ya nne.